Barua ya Maneno ya Ijumaa

Katika shule ya msingi niliyofundisha Bofu, imla ilikuwa Ijumaa, baada tu ya mapumziko ya asubuhi. Maneno yalikuwa kumi. Watoto waliyanakili ubaoni Jumatatu, wakaenda nayo nyumbani, na siku ya Ijumaa mwalimu akayasoma moja moja, kila neno mara mbili. Yeyote aliyesoma Likoni zama za 8-4-4 ataikumbuka imla hiyo, pamoja na desturi ya kuandika kila neno ulilokosa mara ishirini.

Miaka hiyo mteuzi wa maneno alikuwa kitabu. Mwisho wa kila sura palikuwa na msamiati, na mwalimu alichukua kumi ya mwanzo. Sura ikiwa ya usafiri, wiki hiyo watoto waliandika nahodha, abiria, kivuko, reli, mizigo. Maneno hayo yaliungana kwa maana tu. Kwa upande wa tahajia hayakuwa na uhusiano wowote: moja lina dh, jingine lina v, jingine halina ugumu wa aina yoyote. Mtoto akipata saba aliandikiwa saba kwa kalamu nyekundu, na Jumatatu darasa likahamia sura ya ukulima. Kwa nini amekosa yale matatu, halikuwa swali la mtu.

Mabadiliko yalianzia madarasa ya chini. Mwaka 2015 mpango wa Tusome ulienea nchi nzima, na kwa mara ya kwanza nikaona kila mtoto wa darasa la kwanza ana kitabu chake mwenyewe cha kusomea Kiswahili. Mafunzo yalianza na sauti, yakaenda kwenye silabi, kisha neno, kisha sentensi. Watoto hao walipofika kwangu darasa la tatu walikuwa wamezoea kulipasua neno: sha, mba, shamba. Walikosea bado, lakini makosa yao sasa yalikuwa na mkondo ambao ungeweza kuufuata kwa kidole. Nilianza kuweka daftari la makosa. Kila Ijumaa, badala ya kuandika tu nani kapata ngapi, niliandika ni herufi gani iliyokosewa na nini kimewekwa mahali pake.

Daftari hilo lilinifundisha darasa langu lilivyo. Bofu ni mtaa wa watu wa kila mahali. Wapo Wadigo, wenyeji wa upande huu wa kusini, wapo Waswahili wa tangu jadi, na wapo waliofuata kazi za bandari kutoka Nyanza, Ukambani na Magharibi. Dholuo haina sauti ya sh, kwa hiyo mtoto aliyelelewa kwa lugha hiyo aliniandikia sule na sati. Mwengine kwao hawatofautishi r na l, akaandika mahali akikusudia mahari. Mtoto wa Kidigo, ambaye nyumbani watu ni atu, aliiacha w. Waliosoma madrasa, wakazoea kutofautisha dhali na zayi tangu wadogo, waliandika dhahabu bila wasiwasi, ilhali majirani zao wa dawati moja waliandika zahabu.

Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Kwa sababu hiyo imla ya Kiswahili hupima sikio kuliko kumbukumbu. Mtoto asiyeisikia tofauti ya sauti mbili hawezi kuiandika, na kunakili neno mara ishirini hakumsaidii, kwa kuwa mkono unanakili umbo huku sikio limekaa kando. Nikaanza kuteua maneno kwa jozi za sauti: wiki moja s na sh, wiki nyingine r na l, nyingine z na dh, kisha ng na ng', kisha f na v.

Maneno ya orodha yakawa mafupi na mepesi machoni. Wazazi wakaanza kuniuliza. Mama mmoja alinisimamisha langoni akaniambia, kwa heshima zote, “Mwalimu, samahani, huyu wangu yuko darasa la tatu. Wa jirani anasoma shule ya kulipia, analeta uwajibikaji na maadhimisho. Wangu analeta sindano. Sindano kila mtu anaijua.” Swali lake lilikuwa la haki, na niliona wengine wengi wanalo ila hawajapata nafasi ya kuliuliza. Ndipo nikaandika barua. Ilikuwa muhula wa kwanza wa 2019, mtaala mpya ulipoingia na darasa langu likaanza kuitwa Gredi ya Tatu. Ilijaa upande mmoja wa karatasi, tukaitoa nakala, kila mtoto akaibandika kwenye daftari lake la imla.

Ilianza hivi: “Kwa mzazi au mlezi. Maneno ya wiki hii ni sindano, shindano, simba, shimo, safi, shati, suka, shuka, kisu na mshumaa. Mtoto anayajua yote kwa maana, na nimeyachagua kwa sababu hiyo. Wiki hii hatutafuti maana. Tunataka asikie pale s inapokwisha na sh inapoanza.”

Nilieleza kisha kwamba maneno mengi ya orodha yametoka kwenye daftari la makosa, yaani watoto wenyewe ndio walioyaleta kwa kuyakosea katika insha na mazoezi. Machache yamerudi kutoka jozi ya wiki za nyuma, ili yasisahaulike. Maneno marefu kama uwajibikaji sikuyadharau, ila nilionyesha kwamba yanaundwa kwa silabi zile zile. Anayezisikia zote ataliandika hata kama hajawahi kuliona, na asiyezisikia atalikariri Alhamisi usiku, Jumatatu limemtoka.

Sehemu iliyowagusa wazazi zaidi ilimhusu mtoto mmoja, ambaye sikumtaja jina. Mtoto huyu alipata sita kwa kumi katika wiki ya kwanza. Aliandika sati, simo, suka mahali pa shuka, na msumaa. Ukihesabu, amekosa mara nne. Ukitazama, amekosa jambo moja. Nikamketisha karibu na meza yangu, nikawa natamka shati naye ameweka kiganja mbele ya mdomo wake, ausikie upepo wa sh na kuona midomo inavyosogea mbele, kisha nikatamka safi ili alinganishe. Wiki iliyofuata alipatia shati na shimo, lakini akaandika shafi na shimba. Mzazi angesema amerudi nyuma. Kwa mwalimu hiyo ndiyo dalili kwamba herufi mpya imeingia ila sauti haijapata mpaka wake, basi anaimwaga kila mahali. Nilipomwuliza shimba ni nini, alinijibu ni milima ya kule Kwale, na ni kweli, Shimba ipo. Mtoto wa namna hii hapewi sh peke yake tena, kwa sababu utamzidishia kuimwaga. Anapewa jozi katika sentensi: “Ameshinda shindano la kutia uzi kwenye sindano.” “Dada anasuka nywele, kisha atashuka kwenye matatu.” Baada ya muda alitulia, na s zikarudi mahali pake.

Barua ilieleza pia jambo lililowahi kuleta manung'uniko. Kila Ijumaa niliongeza maneno mawili yasiyokuwa kwenye orodha, yenye sauti ile ile. Wiki ya s na sh yalikuwa shoka na sufuria. Hayakuwa na alama. Nia yake ilikuwa kujua nani amesikia na nani amekariri: aliyepata kumi kwa kumi kisha akaandika soka alikuwa amekariri orodha, na kumi yake haikuniambia kitu. Kwa sababu hiyo hiyo sikuyasoma maneno kwa mpangilio wa Jumatatu.

Aya moja niliiandika kwa ajili ya mabibi. Katika nyumba za Kiswahili za Mombasa mtoto husikia mtele, mato, ndia na nti, kisha shuleni huambiwa mchele, macho, njia na nchi. Aliyeandika mtele kwangu hakuwa na tatizo la sikio hata kidogo. Aliandika sawasawa alichokisikia kwa bibi yake. Mkutano uliofanyika hapa hapa Mombasa mwaka 1928 ndio uliokubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikasimamia maandishi ya Afrika Mashariki kwa msingi huo. Kimvita kikabaki midomoni na katika mashairi. Nikawaomba wazazi wasiwakanye watoto kusema mtele nyumbani. Wawaambie tu kwamba bibi husema hivi na kitabu huandika hivi, na yote mawili ni Kiswahili chao. Naliamini jambo hilo kwa moyo wote. Mtoto anayefundishwa kuionea haya lugha ya bibi yake hunyamaza darasani, na aliyenyamaza huwezi kulisikia kosa lake ukamsaidia.

Tahajia yetu yenyewe ina mahali isipofika. Mzaliwa wa Mombasa hutamka paa la nyumba tofauti na paa mnyama. Yule mnyama p yake ina pumzi. Kwenye karatasi yote mawili ni paa. Neno kama hilo halifai kusomwa peke yake katika imla, na ndiyo sababu niliwaomba wazazi wanaowasaidia watoto nyumbani wasisome neno tupu, wasome na sentensi yake. Asiyejua kusoma alimwachia kaka au dada mkubwa kazi hiyo. Kiingereza nacho kilihitaji orodha yake mbali, kwa njia nyingine, maana humo herufi na sauti haziendi pamoja kila mara na lazima mtoto alikumbuke umbo la neno.

Kila mwanzo wa mwaka niliiandika upya barua ile, kwa kuwa kila kundi la watoto lilikuja na makosa yake. Mwaka mmoja r na l zilichukua muhula mzima kwa ajili ya watoto waliohamia karibuni, na mwaka uliofuata hazikuhitaji hata wiki. Mama wa langoni hakuniuliza tena habari za uwajibikaji. Alipoitwa shuleni kuona kazi za mwanawe, alifungua daftari la imla mwenyewe akanionyesha, “Hapa bado anachanganya z na dh, Mwalimu.” Alikuwa sahihi.

Orodha za wiki bado zinaletwa nyumbani kote Likoni, na nyingi zinakuja bila maelezo. Mzazi unayeipokea, kabla ya kumwambia mtoto aikariri, mwulize mwalimu wake swali moja: wiki hii mnasikiliza sauti gani? Kisha mtungie mwanao maneno mawili mengine yenye sauti hiyo, mkiwa jikoni au njiani, uone atayaandikaje.