Ujumbe wa pili kwa waliotoweka wiki ya tatu

Kikundi chetu cha kusoma kilikuwa na watu kumi na wanne. Wote wauguzi, wengi wana stashahada kama niliyokuja nayo mimi Uingereza kabla ya kurudi darasani kuchukua shahada. Wanne wako Oman, wawili Saudia, waliobaki wako Dar, Tanga na Mombasa. Lengo lilikuwa moja: mtihani wa kompyuta unaotakiwa na Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza, na hasa ile sehemu ya hesabu, yenye maswali 15 kwa dakika 30. Kila Jumapili tulikutana kwa video, katikati ya wiki tukawasiliana kwenye wasap.

Wiki ya kwanza walikuja wote. Wiki ya pili kumi na watatu. Ya tatu kumi na mmoja. Ya nne nilifungua kipindi, nikasubiri dakika ishirini, nikahesabu watu watano, na mmoja wao alikuwa amesinzia huku kamera iko wazi.

Nilikasirika, lazima niseme. Jumatatu nikiwa kwenye basi nikaandika hivi:

"Wapendwa, nasikitika kuona mahudhurio yanashuka. Hakuna aliyelazimishwa kujiunga. Wenzetu wanaitafuta nafasi hii hawaipati. Mwenye nia hakosi njia. Naomba kila ambaye hakuja aeleze sababu yake hapa."

Alama za buluu zikaonekana moja baada ya nyingine. Wamesoma. Majibu yakawa matatu: "Amina", "Ubarikiwe dada", na lile la tatu lilikuwa la simu yenyewe, kwamba mwenzetu mmoja ametoka kwenye kikundi.

Jumanne usiku dada mmoja aliyeko Maskati akanitumia ujumbe wa sauti, wa faragha. Alikuwa ananong'ona, nadhani wenzake wa chumbani walikuwa wamelala. Alisema, "Shikamoo dada. Mimi sijaacha. Ila ile Jumapili ya tatu tulikusubiri saa nzima, halafu ulipokuja ikawa saa nne usiku huku kwetu, na basi la kazini linatuchukua saa kumi na moja na nusu alfajiri. Na lile la matone, dada, niliona aibu." Akanyamaza kidogo, kisha akasema usiku mwema.

Nilisikiliza mara tatu, kwa sababu ndani ya sentensi zile kulikuwa na makosa yangu mawili na sikuwa nimeliona hata moja.

La kwanza ni la saa. Wiki yetu ya tatu iliangukia Jumapili ya mwisho ya Oktoba, siku ambayo Uingereza inarudisha saa nyuma. Kipindi changu kilikuwa saa kumi na mbili jioni kwa saa ya huku. Wakati wa kiangazi hiyo ni saa mbili usiku Afrika Mashariki na saa tatu usiku Oman, muda wa kustahimilika. Lakini saa zikirudi nyuma huku, kwao hakuna kinachobadilika. Saa kumi na mbili yangu ikawa saa tatu usiku ya Tanga na saa nne usiku ya Maskati. Walikaa kwenye linki saa nzima wakiangalia kioo cheusi. Kinachoniuma ni kwamba nililijua badiliko lile kuliko mtu yeyote: usiku uleule nilikuwa zamu, na zamu ya usiku wa kurudisha saa ina saa moja ya ziada. Nililalamika wodini mpaka kukakucha. Haikunijia kwamba saa ileile nimewatwika watu wengine.

La pili ni la matone. Jioni ile, nikiwa na usingizi, nilimtaja dada huyu kwa jina mbele ya wote nikampa swali: mgonjwa anatakiwa apewe mililita 1000 za maji ya dripu kwa saa 8, mrija wake unatoa matone 20 kwa kila mililita, je, ni matone mangapi kwa dakika? Akapiga hesabu, akasema 2500. Nikacheka nikasema, "Sista, hiyo si dripu, hilo ni bomba la mvua." Vikatuni vya kucheka vikajaa kwenye kioo. Nikatoa jibu sahihi nikaendelea mbele. Tangu hapo hakurudi, na nikitazama orodha, wengi waliotoweka ni wale ambao zamu yao ya kuulizwa ilikuwa bado.

Sasa hebu tuitazame ile 2500. Mililita 1000 mara matone 20 ni matone 20,000. Ukiyagawa kwa saa 8 unapata 2500. Hayo ni matone ya saa nzima, na hesabu yake haina kosa hata moja. Kilichobaki ni kugawa kwa 60 ili kupata ya dakika: 41.67, unaandika 42. Dada yule alikuwa amefika hatua ya mwisho, nami nikamcheka kana kwamba hajaanza.

Na kwa nini muuguzi wa miaka tisa wodini akwame pale? Kwa sababu hajahesabu tone kwa miaka. Hospitali anayofanyia kazi inatumia pampu. Pampu haikuulizi matone, inakuuliza mililita kwa saa: 1000 gawa kwa 8, unabonyeza 125, unaenda kwa mgonjwa mwingine. Kwa hiyo kichwa chake kimezoea kugawa kwa saa na kuishia hapo. Wale walioko mikoani, wanaosimama na saa ya mkononi mbele ya chemba ya dripu wakihesabu tone moja moja, hili halikuwasumbua kabisa. Wao walikwama kwenye mikrogramu. Kila mtu husahau kile ambacho kazi yake ya kila siku haimdai.

Alhamisi nikaandika upya. Ilinichukua mapumziko yote ya chakula, na sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kufuta. Nilifuta "nasikitika". Nilifuta "fursa". Nilifuta sentensi iliyowasifu wale watano waliokuja, maana sifa kwa waliokuja ni fimbo kwa ambao hawakuja. Nilifuta pia "tumewamisi sana", si kwa kuwa haikuwa kweli, bali kwa sababu mtu mwenye aibu akisoma hivyo anaona ana deni jingine. Kilichobaki ni hiki:

"Hamjambo nyote. Wiki ya tatu niliwasubirisha saa nzima kwa sababu saa za huku zilibadilika nami sikuwaambia. Kosa ni langu. Kuanzia Jumapili hii tunaanza saa mbili usiku Afrika Mashariki, saa tatu usiku Oman, na tunamaliza baada ya dakika 45 hata kama swali halijaisha.

Jambo la pili. Lile swali la dripu nililieleza haraka mno. Aliyepata 2500 alikuwa amebakiza hatua moja tu: hayo ni matone ya saa nzima, gawa kwa 60 upate ya dakika. Kwa wanaotumia pampu hatua hii husahaulika kirahisi. Njia ya kujikagua: fumba macho uyaone matone yakidondoka. 42 kwa dakika unaweza kuyahesabu. 2500 kwa dakika ni zaidi ya 40 kwa sekunde moja, hakuna jicho la kuyafuata.

Swali la wiki hii ni moja tu: mililita 500 kwa saa 4, mrija wa matone 15 kwa mililita. Nitumieni jibu faragha, si hapa. Likiwa si sahihi nitakuonyesha hatua iliyobaki, basi.

Sitamuuliza mtu kwa jina tena. Kamera si lazima. Uliyekosa vipindi, usianze kuvitafuta vya nyuma, Jumapili tunaanza na swali hilihili. Na ambaye mipango yake imebadilika, hana haja ya kujieleza."

Niliisoma mara mbili kabla ya kuituma. Ile sentensi ya mwisho nilisita nayo, niliona kama nawafungulia mlango wa kutokea. Nikaiacha. Mwenzetu mmoja, nilikuja kujua baadaye, alikuwa ameamua kabisa kutokwenda nje, amepata ajira karibu na mama yake mgonjwa, na kila Jumapili alikuwa anaogopa kufungua wasap. Alinijibu usiku uleule kwa neno moja, "Ahsante", akatoka kikundini kwa amani. Ningependa yule wa Jumatatu naye angetoka namna hiyo. Nilimwandikia faragha kumwomba radhi. Alisoma, hajajibu mpaka leo.

Kufika Ijumaa jioni nilikuwa na majibu saba. Manne yalikuwa 31, ndilo sahihi: 500 mara 15 ni 7500, gawa kwa dakika 240, unapata 31.25. Mawili yalikuwa 1875, yaani walewale wa matone ya saa nzima, nikawaandikia "gawa kwa 60" na wote wawili wakarudisha 31 ndani ya dakika chache. La saba lilikuwa 42. Huyo alikuwa amenakili jibu la swali la zamani, na alipogundua alijicheka mwenyewe kwa ujumbe mrefu wa sauti. Afadhali ajicheke yeye.

Dada wa Maskati hakuwa kati ya hao saba. Jumamosi nilitamani sana kumwandikia, nikaweka simu chini. Nilikuwa nimeahidi kutomwita mtu kwa jina, na kumfuata faragha kulikuwa njia nyingine ya kumwita.

Jumapili waliingia tisa. Dakika ya nane akaingia wa kumi, kamera imezimwa, nikasikia feni ikizunguka na mlango ukifungwa polepole. Sikusema karibu, niliogopa kusimamisha kila kitu kwa ajili yake. Tulikuwa tunapitia ile ya mililita 500. Nikauliza kwa wote, nani anaweza kutueleza 1875 ni nini.

Kimya kidogo. Kisha sauti ya chini, ileile ya kunong'ona: "Hayo ni ya saa nzima. Bado kugawa kwa sitini."

Nikasema ndiyo, nikaandika kwenye kioo. Tukaenda kwenye mikrogramu, na hapo watu wa mikoani wakaanza kutoa jasho: miligramu 0.125 ni mikrogramu ngapi? Mmoja akasema 12.5. Kabla sijafungua mdomo, dada wa Maskati akamuuliza, "Kaka, umesogeza nukta mara ngapi?"