Pale Mama Anapocheka

Mteja akikuandikia "pale mama anapocheka punguza kidogo", huwezi kumlaumu. Ameiona filamu mara moja tu, kwenye simu, pengine katikati ya kikao, na kichwani mwake yule mama anacheka mara moja. Lakini wewe uliyelala na kuamka na picha hizo wiki tatu unajua kwamba mama anacheka mara nne: akifunga kamba, akimtania mwenzake, akiulizwa bei, na mwisho kabisa akitoka majini. Sasa upunguze kicheko kipi? Na hicho "kidogo" ni sekunde moja au ni kicheko kizima?

Ndugu msomaji, mimi kazi yangu ni kuhariri picha za video. Nina kompyuta moja, spika mbili, na chumba kimoja Sinza ambacho kodi yake hulipwa pale mteja anapomaliza kunilipa. Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Nusu ya fedha huja mwanzo, nusu huja kazi ikikubaliwa, na kazi isiyoisha kurekebishwa haikubaliwi kamwe. Nitaeleza kwa filamu moja, ya dakika nane na sekunde ishirini, inayohusu wanawake wanaolima mwani Paje, pwani ya mashariki ya Unguja. Mteja alikuwa shirika ambalo sitalitaja, nalo halikuwa baya. Lilikuwa na watu watano, na kila mmoja alikuwa na maoni.

Maoni ya kwanza yalikuja kama yanavyokuja siku zote. Ujumbe wa sauti wa dakika sita ukiwa na honi za magari ndani yake, meseji tatu za dada wa mradi, na barua pepe ya bosi isemayo tu "nimeona, kuna vitu". Sikugusa kitu. Nilimpigia yule dada nikamwambia, "Dada, naomba tuyaandike upya yote, ila safari hii nitawatumia nakala yenye namba."

Nakala yenye namba ni hivi. Programu ya kuhariri inaweza kuchapa saa ya filamu juu ya picha yenyewe, ikaenda nayo mwanzo hadi mwisho. Kwenye DaVinci Resolve unaingia `Data Burn-In` na kuchagua `Record Timecode`. Kwenye Premiere Pro unaweka efekti ya `Timecode` juu ya kazi yote. Namba inatoka kwa mafungu manne: saa, dakika, sekunde, fremu. Sisi huku aghalabu tunafanya kazi kwa fremu 25 kwa sekunde, desturi iliyotoka kwenye televisheni za PAL, kwa hiyo fungu la mwisho linakwenda mpaka 24 kisha linarudi sifuri. Mteja simsumbui na fremu. Namwambia asimamishe picha, anakili dakika na sekunde anazoziona, basi. Pembeni naandika kwa herufi kubwa jina la toleo, `MWANI v2`, kwa sababu namba bila toleo ni anwani ya nyumba bila jina la mtaa.

Kuna mtego mdogo hapo. Resolve, usipoigusa, huanza kuhesabu kwenye `01:00:00:00`. Ni urithi wa enzi za kanda, ambapo mwanzo wa kanda uliachiwa nafasi ya milia ya rangi na mlio wa kupimia sauti, na filamu yenyewe ikaanzia saa ya kwanza. Mwambie Mswahili kwamba filamu inaanza saa moja, atakuuliza asubuhi au jioni. Nakala ya mteja naianzisha kwenye sifuri, ili namba iliyo juu ya picha ilingane na ile anayoiona chini kwenye simu yake. Vilevile namwomba asiihukumu rangi kwa nakala iliyotumwa WhatsApp kama video ya kawaida, maana hapo picha hubanwa mpaka bahari inakuwa uji. Ipo pia mitambo kama Frame.io, ambamo mtazamaji anaandika maoni na yanashikamana na fremu ile ile. Ni mizuri pale ambapo intaneti haimkimbii mtu. Lakini hakuna mtambo unaoweza kuamua baina ya bosi na dada wa mradi.

Na hiyo ndiyo kazi yenyewe hasa. Namba zilipokuja, orodha ya toleo la pili ilikuwa na mambo 23. Kwenye 02:14 mtu mmoja aliandika "hapa pazuri, ongeza", na mwingine, mstari wa chini yake, "hapa ondoa". Kama ningekuwa na haraka ningeamua mwenyewe, nikampendeza mmoja, halafu raundi inayofuata yule wa pili akarudi na dai lake likiwa jipya kabisa. Raundi nyingi zisizo na mwisho huzaliwa hivyo: ugomvi wa ofisini unakuja kupiganiwa kwenye kompyuta yako, na wewe ndiye unayelipia umeme. Nilirudisha orodha nzima. Mkataba wetu ulisema wazi kwamba shirika litakuwa na msemaji mmoja, kwamba raundi ni tatu, na kwamba raundi haijaanza mpaka msemaji alete orodha moja isiyojipinga. Dada wa mradi alikaa na wenzake siku mbili. Aliporudi, mambo yalikuwa 16.

Hayo 16 nikayagawa. Kwanza makosa: jina la mama mmoja lilikosewa herufi, na tafsiri ya chini ya picha ilisema "samaki" mahali pa "mwani". Kosa hurekebishwa wakati wowote, halihesabiwi katika raundi. Pili mabadiliko ya kile kilichopo, ndiyo mengi. Tatu mambo mapya. Kwenye 05:50 waliandika "hapa mkurugenzi aseme maneno mawili". Mkurugenzi hakuwahi kupigwa picha. Hilo si rekebisho, ni siku ya kamera, mtu wa sauti na nauli, nikaliandikia bei yake pembeni. Halikutajwa tena. Kulikuwa na moja pia lisilo na namba: "kwa jumla inakosa uhai". La namna hiyo usilitupe kwa kuwa halina dakika. Mimi naliuliza kwanza kabla ya yote, maana likiwa na ukweli linaweza kuyafuta mengine kumi.

Sasa lile lililonikosesha usingizi. Kwenye 03:31 mama anasimama majini, maji yamemfika magotini, kamba mkononi, haongei. Sekunde tisa. Siku ile ya kupiga picha alikuwa ametoka kutueleza jinsi vipando vilivyooza maji yalipopata joto kupita kiasi, kisha akanyamaza, na mpiga picha, Mungu ambariki, hakuzima kamera. Orodha ilisema: "03:31 ondoa, inachosha."

Mteja mara nyingi anakuletea dawa badala ya kukueleza maumivu. Dawa yake inaweza kuwa si sahihi, lakini maumivu ni ya kweli, na ni juu yako kuyatafuta. Nilimwomba yule dada aitazame tena kuanzia dakika ya tatu, asitazame namba, na aseme "hapa" pale anapoanza kuchoka. Alisema "hapa" kwenye 03:10. Yaani sekunde ishirini na moja kabla ya ule ukimya! Nilipoangalia, kuanzia 03:05 hadi 03:17 mama anarudia bei ya mwani ambayo tulishaisikia. Dada alichoka pale, na alipofika kwenye ukimya uchovu ukamlipukia. Nilikata sekunde hizo 12, nikamtumia kipande hicho peke yake. Akajibu, "Kaka, acha asimame."

Katika kutekeleza orodha, mimi naanza chini napanda juu, na sababu ni hesabu tu. Tuseme 01:20 unaongeza sekunde nne, 03:05 unakata 12, halafu 06:40 kuna jina la kurekebisha. Ukianzia juu, ukifika kwenye lile jina limeshahamia 06:32, na orodha yako inaanza kukudanganya, kila mstari kwa kiasi chake. Ukianzia 06:40 ukarudi nyuma, kila namba iliyobaki juu yako bado ni kweli. Ndiyo maana pia maoni ya toleo la pili hayatekelezwi juu ya toleo la tatu. Mtu akikuletea namba uliza kwanza, "ya toleo lipi?"

Raundi zenyewe hazifanani. Ya kwanza ni ya hadithi: nani abaki, nani atoke, kipi kitangulie. Ya pili ni ya ukataji wa ndani, picha kwa picha. Ya tatu ni ya maandishi, majina na nembo. Baada ya hapo msemaji anaandika "nimekubali", na picha inafungwa. Nilikuwa nimewaeleza mapema maana ya kufunga, kwa sababu neno hilo peke yake halimtishi mtu. Picha ikifungwa ndipo sauti inachanganywa, muziki unalazwa kwenye mapigo yake, rangi inasawazishwa na tafsiri za chini zinapewa muda wao. Ukija kutoa sekunde mbili dakika ya nne, ni fremu 50 tu, lakini kila tafsiri iliyo mbele yake inakuwa imechelewa sekunde mbili, na muziki unaruka kama mtu aliyekanyaga shimo.

Na kweli, siku tatu baada ya kufunga, bosi ambaye hakuwahi kufungua nakala yoyote aliifungua. Mambo saba. Msemaji alinipigia kwa sauti ya chini, kama mtu aliye msibani. Sikugombana naye, wala sikusema hapana. Niliyaandika yote saba kwa namba zake kwenye toleo la nne, na mbele ya kila moja nikaweka linachogusa: hili maandishi tu, nusu saa, hili linafungua picha, siku nzima ya sauti na tafsiri, malipo haya. Karatasi hiyo ilikwenda kwa bosi mwenyewe, si kwa dada, maana si haki dada abebe kapu asilolijaza.

Bosi alichagua mawili, yote ya maandishi. Moja lilikuwa cheo chake. Jioni nikatuma `MWANI_v5`, safari hii bila namba juu ya picha, na ombi la nusu ya pili ya fedha. Mama amesimama majini sekunde zake tisa, ila sasa anaanzia 03:23.