Taazia kwa Nyumba ya Fundi

Fundi alifariki Jumanne moja ya mwaka 2003, baada kidogo ya adhuhuri, akazikwa alasiri ya siku ile ile kama ilivyo ada ya Waislamu wa Tanga. Nami niliyekuwa tabibu wake tangu mwaka 1981 sikuwahi maziko, kwa kuwa nilikuwa na mahututi wawili wodini ambao sikuthubutu kuwaacha. Usiku ule niliketi mezani kuwaandikia watu wake barua ya taazia, na kalamu ikanishinda.

Sababu ya kushindwa ilikuwa barua nyingine, niliyoiandika nikiwa bado kijana katika kazi. Niliiandika kwa taipu, juu ya karatasi yenye anwani ya hospitali, siku tisa baada ya msiba, nikaijaza majina ya maradhi na ya dawa na saa ambazo kila dawa ilitolewa, nikiamini kuwa ilimu hiyo ingewafariji waliofiwa. Mzee wa ukoo ule alikuja nayo mkononi, akaketi, akaniuliza kwa upole, "Daktari, umeshitakiwa na nani?" Nilipoisoma tena mbele yake niliona kweli kwamba toka mwanzo hadi mwisho nilikuwa nikijitetea, na jina la marehemu lilikuwamo mara moja tu. Tangu siku ile nikashika ada ya kuandika taazia kwa mkono wangu, kabla matanga hayajaondoka, na kutojibu katika barua ila swali ambalo wafiwa wenyewe wanalo moyoni.

Lakini swali la nyumba ya Fundi sikulijua. Kwa hiyo asubuhi yake nililitoa jalada lake na kulisoma lote, maana kumbukumbu ya tabibu humpendelea tabibu. Kurasa za mwanzo zilikuwa za zama ambazo sukari tuliipima katika mkojo: matone manane ya mkojo ndani ya maji ya buluu ya Benedikti, yakachemshwa juu ya moto, nayo yakageuka kijani, au manjano, au mekundu kama tofali kwa kadiri sukari ilivyozidi. Fundi, aliyekuwa seremala wa milango na vitanda, alikuwa akisimama pembeni akiutazama mrija ule kama atazamavyo ubao, na siku sukari ilipokithiri alisema, "Leo imefika rangi ya mninga."

Kurasa za mwisho zilikuwa za figo. Kisukari cha miaka mingi huziharibu figo polepole, na figo zikidhoofika hutokea jambo ambalo jamaa wa wagonjwa hulipokea kama neema: sukari huanza kushuka bila ya sababu ionekanayo. Si neema. Figo ni mojawapo ya viungo vinavyoivunja insulini mwilini, na zikishindwa kuivunja, dawa ya jana hukaa ikifanya kazi pamoja na ya leo, hata kipimo kilichomfaa mtu kwa miaka kumi kikaweza kumwangusha. Fundi alikuwa akichomwa yuniti 24 asubuhi na 12 jioni. Nilizipunguza hatua kwa hatua kwa muda wa mwaka mzima, na katika mwezi wake wa mwisho ilibaki sindano moja ya asubuhi, yuniti 6. Habari ya kusafishwa damu nilimweleza, na kwamba ingemlazimu kuhamia mji wa mbali na kulala kando ya mashine saa nne nne, mara tatu kila juma. Alifikiri siku kadhaa, akachagua karakana yake. Mambo mengine aliyonieleza siku hizo hayakuwamo katika barua, wala hayamo humu.

Mke wangu alikwenda matangani, na alirudi na swali lile. Mjane wa Fundi, ambaye ndiye aliyemchoma mumewe sindano kila siku tangu macho yake yalipofifia, na ndiye aliyeitunza insulini ndani ya mtungi wa udongo wenye mchanga mbichi kwa kuwa nyumbani hapakuwa na friji, alimshika mkono mke wangu uani akamnong'oneza kwamba asubuhi ya Jumanne alimchoma mumewe, na saa sita hazijapita mumewe alikuwa maiti. Hakumwambia mtu mwingine, hata wanawe.

Nisingeweza kwenda kusema naye, kwa sababu alikuwa amekwisha ingia eda, na kwa miezi minne na siku kumi haikustahili mwanamume ajinabi aketi naye. Barua ilikuwa ndiyo njia. Walakini barua ya taazia katika miji yetu haisomwi na mtu mmoja. Husomwa kwa sauti barazani, mbele ya majirani, na sentensi ya kumwondolea mama yule hatia ingewafunulia watu wote kwamba alijitia hatiani. Hivyo niliandika mbili.

Ya kwanza, baada ya salamu na dua, iliwaeleza watoto habari ya mninga, ambayo hawakuwa wakiijua, na ilisema kwamba katika miaka 22 baba yao hakukosa siku ya kliniki ila mara mbili. Juu ya mauti yake sikuandika kuwa hakuteseka, kwa maana mwanawe mkubwa alikuwapo na aliona. Niliandika kwamba maji yalimjaa mapafuni kwa ajili ya figo, kwamba pumzi zilimtaabisha tangu alfajiri, na kwamba alipopewa oksijeni na dawa alipata utulivu wa kutosha kusema na mwanawe kabla hajazimika.

Ya pili ilikuwa kipande kilichokunjwa na kufungwa, nikampa mke wangu amtie mkononi:

"Bibi, sindano ya Jumanne haikumdhuru mumeo. Sukari yake niliipima kwa mkono wangu alipofikishwa, nikakuta 9. Hatari ya insulini huanza sukari ishukapo chini ya 4. Ulimchoma kipimo nilichokiandika mimi, nawe hukukosea hata siku moja niijuayo."

Nilijiuliza usiku mwingi baadaye kama ile 9 ingalikuwa 2 ningaliandika nini. Nisingaliandika uongo, kwa kuwa aliyekwisha kuwa mchoma sindano kwa miaka mingi angaliutambua, na faraja ya uongo ikigunduliwa huthibitisha hofu iliyokusudiwa kuiondoa. Ningalimwandikia kwamba kipimo kilikuwa amri yangu, na kwamba mkono wake ulitii. Na hilo nalo lingalikuwa kweli. Kwa ajili hiyo nawasihi matabibu vijana walifungue jalada kabla ya kuifungua kalamu: nisingalikuwa na namba ile, huruma yangu yote isingalimfaa mama yule kitu.

Jawabu halikuja, wala sikulitazamia. Eda ilipokwisha, mjane alikuja kliniki mwenyewe akiwa na mjukuu wake, akaniwekea mezani mtungi wa udongo. Ndani yake zilikuwamo chupa mbili za insulini ambazo hazijafunguliwa, na mchanga ulikuwa bado mbichi.