Karatasi ya mlangoni

Misisi, Jumamosi 2 Novemba 2024

Leo baada ya kikao komite ya avek imenipa tangazo la kunakili. Ni la kuita wanachama wapya, kwa sababu mzunguko umeisha, sanduku limefunguliwa, kila mtu ameenda na chake. Litabandikwa mlangoni, litasomwa baada ya ibada, litasambazwa kwa simu. Prezida ameandika kwa wino mwekundu: “Weka 100 upate 130. Pesa yako iko salama kabisa.” Chini kabisa, kwa herufi za chungu: “Kikundi hakihusiki na hasara yoyote.”

Mstari huo wa chini umenikera kuliko ule wa juu. Kikundi ni akina nani? Sisi wenyewe tuliokaa kwenye benchi. Hasara ikija hatuna mtu mwingine wa kumbebesha, na mgeni akisoma haambiwi hasara inatoka wapi. Anachosikia ni kwamba siku ya taabu watu wanamkana.

Jumapili 3 Novemba

Nimefungua daftari niione hiyo 130 ilivyozaliwa. Tulikuwa watu 25, hisa 2,500 za franka 2,000, yaani akiba ya franka 5,000,000. Riba za mikopo zilileta 1,500,000, kwa hiyo kila hisa ilirudi na 2,600. Hesabu ya prezida haina kosa.

Lakini riba hiyo ilitoka mifukoni mwetu. Tunakopeshana kwa 10 kwa mia kila mwezi. Aliyeweka 100,000 bila kukopa alirudi na 130,000. Aliyeweka 100,000 hiyohiyo, akakopa 200,000 kwa miezi mitatu, alilipa riba 60,000 na kwenye mgawo akapata nyongeza ya 30,000. Huyo avek imemgharimu 30,000. Huenda mkopo ulimfaa, alinunua magunia ya mchele akayauza vizuri, lakini 130 ya kwenye tangazo si yake. Tena 10 kwa mwezi ni tofauti kabisa na 10 kwa mwaka, na karatasi yetu haisemi hata moja.

Jumatano 6 Novemba

Mvua tangu usiku. Njia ya kwenda Lulimba haipitiki kwa pikipiki.

Nimeongea na mweka hazina kuhusu mashimo. Katika mzunguko uliopita wakopaji wanane walikopa kwa ajili ya dhahabu: wawili ni mapedeje wenye shimo, waliobaki wanawauzia wachimbaji chakula na mafuta ya mashine ya kuvuta maji. Wote wanategemea kilima kimoja. Shimo likijaa maji, pedeje hana cha kuwalipa wachimbaji, mchimbaji hana cha kumlipa mama wa ugali, na mama wa ugali hana cha kuleta kwenye sanduku. Kwenye daftari ni madeni manane, lakini yanaweza kuanguka siku moja, na mvua bado ziko mbele mpaka mwezi wa tano.

Tukapiga hesabu kwa majani ya daftari la zamani. Mtu ana hisa 100, yaani 200,000, akakopa 500,000, akalipa riba kisha akashindwa kurudisha mtaji. Tunakamata hisa zake. Sanduku la 6,500,000 limebaki na 6,000,000, tunagawana kwa hisa 2,400, kila hisa inapata 2,500 badala ya 2,600. Anayesikia hivyo haogopi sana. Wakishindwa watano wa namna hiyo, hisa inarudi na 2,000 kamili, faida imekwisha yote. Wa sita anaanza kula akiba: 1,842. Na wa kilimani ni wanane.

Mweka hazina alinyamaza, kisha akasema, “Mwalimu, ukiandika hivi nani ataingia?” Nikamwambia ataingia anayejua. Hakuridhika, na sikumlaumu.

Alhamisi 7 Novemba

Prezida anataka tuandike kwamba avek “inatambuliwa na serikali”, kwa sababu tuna karatasi ya usajili. Nimekataa. Hapa Congo koperative za akiba na mikopo zilitungiwa sheria yake mwaka 2002, na taasisi ndogo za fedha zilitungiwa sheria namba 11/020 ya 15 Septemba 2011. Zote ziko chini ya jicho la Benki Kuu. Sisi tuna sanduku la kufuli tatu na watu watatu wenye funguo, mtindo ulioanzia Niger mwaka 1991 na shirika la CARE. Ni mtindo mzuri, ila hakuna mkaguzi wa Benki Kuu anayekuja kuhesabu pesa zetu, na likiibiwa hakuna ofisi ya kutulipa. Hilo lenyewe liandikwe, maneno mafupi tu.

Mzee mmoja wa komite aliniunga mkono kwa kutaja Bindo, mchezo wa pesa ulioahidi faida kubwa kisha ukaanguka. Alikuwa Kinshasa mwaka 1991 watu walipolia. Vijana hawakujua anasema nini.

Jumamosi 9 Novemba

Nimemsomea rasimu mama muuza ndakala, ambaye si mwanachama. Niliandika: “Mwisho wa mzunguko unaweza kupata pungufu ya ulichoweka.” Nikamwomba anieleze kwa maneno yake. Akasema, “Ndiyo, mtu akichelewa kikao mnamkata faini.” Nikamuuliza, na asiyechelewa hata siku moja? “Huyo anapata zote, si ndiyo?”

Kumbe sentensi ni rahisi, kila neno analijua, na bado hatari haikumfikia, kwa sababu haisemi nani amefanya nini. Nikageuza: “Wenzako watano wakikopa wakashindwa kulipa, faida yako inaisha. Wakiwa sita au zaidi, akiba yako inapungua hata kama wewe hukukopa.” Akaacha kupanga ndakala. “Hata mimi ambaye sikukopa?” Hata wewe, mama. “Basi mniambie wanaokopa ni nani.”

Swali hilo halikuwa kwenye rasimu. Nimeongeza: “Karibu theluthi moja ya wanachama wetu hukopa kwa kazi za mashimo. Uliza kabla ya kuingia.”

Jumatano 13 Novemba

Bado dola. Sanduku ni la franka, bidhaa kutoka Baraka zinahesabiwa kwa dola. Mwaka 2023 dola ilianza karibu na franka 2,000 ikapita 2,600. Aliyeingiza 100,000 mwanzoni aliingiza dola 50. Akitoka na 130,000 wakati dola ni 2,600, ametoka na dola 50. Wino mwekundu wote ule, na dukani hakuongeza hata sabuni. Anayeweka kidogokidogo kila juma anaumia kiasi kidogo zaidi, kwa kuwa pesa zake za mwisho ziliingia dola ikiwa tayari juu. Nimeandika mstari mmoja: “Faida ni ya franka. Dola ikipanda, inaweza kuliwa yote.”

Jumamosi 16 Novemba

Komite imepitisha, kwa ubishi. Prezida alitaka maonyo yabaki chini kwa herufi ndogo. Tumekubaliana 130 isiandikwe peke yake popote: mstari unaofuata, kwa wino uleule na ukubwa uleule, ni ule wa watano na wa sita. “Salama kabisa” imefutwa. “Hakihusiki” imefutwa, mahali pake pana jina la kazi la mtu wa kuulizwa na siku ya kikao. Tumeongeza pia kwamba hatupokei pesa kwenye simu ya mtu yeyote. Pesa huhesabiwa mbele ya sanduku, karne ikapigwa muhuri.

Mama wa ndakala amekuja kujiandikisha. Alikuwa amesema atachukua hisa tano kila juma. Leo amechukua moja. Mweka hazina amenitazama: karatasi yangu imepunguzia sanduku franka 8,000 kila juma. Ni kweli, zimepungua. Nimemwandikia mama karne yake, namba 19.