Ukungu Ulionitoa Ujinga

Alama nne za fizikia bado zaniuma. Swali la mtihani liliuliza: tone dogo likianguka hewani hadi ukinzani wa hewa ulingane na uzito wake, litafanyaje? Nikajibu mbiombio, "Litasimama." Nikapata sufuri.

Jumamosi iliyofuata nilirauka kumsaidia nyanya kuchuma majani chai kwetu Kianjokoma. Ukungu ulikuwa umetanda shambani kote. Nikamwambia kwa maringo, "Waona, nyanya? Matone yamesimama hewani. Mwalimu alinionea!"

Nyanya akacheka. "Kwani ukungu hauna uzito, mjukuu wangu?"

Nikakosa la kusema. Jumatatu nikamwendea mwalimu, naye akanieleza polepole.

Kwa tone dogo hivyo, ukinzani huongezeka sawa na kasi: kasi ikiwa mara mbili, ukinzani nao huwa mara mbili. Tone linapoanza kuanguka halina kasi, kwa hivyo hakuna ukinzani. Uzito wote hulivuta chini. Likifika nusu ya kasi yake ya mwisho, ukinzani umeshakula nusu ya uzito, na ni nusu iliyobaki tu inayoongeza kasi. Kadiri kasi inavyokua, ndivyo kinachobaki kinavyopungua. Nguvu zikilingana, hakuna cha kuongeza kasi wala cha kuipunguza. Ili lisimame, lingehitaji nguvu ya ziada ya kulishika breki, nayo haipo! Basi linaendelea kushuka kwa kasi ile ile.

Tukapiga hesabu ya tone lenye nusukipenyo cha sentimita 0.001. Kasi yake ya mwisho ni kama sentimita 1.2 kwa sekunde. Baada ya sekunde 0.0012 tu, limefikia asilimia 63 ya kasi hiyo. Muda kama huo ukipita tena, linafikia asilimia 86, kisha 95. Kila mara pengo hubaki asilimia 37 ya lilivyokuwa. Kwa hesabu, pengo haliishi kabisa, ila huwa dogo hata halipimiki.

Kwa mwendo huo wa kinyonga, kushuka mita 3 katika hewa tulivu huchukua zaidi ya dakika nne. Kaupepo kadogo kanakopanda mteremko hulibeba tone juu tena. Ndiyo maana macho yangu yalidanganyika.

Lakini tahadhari, msomaji! Usiitumie kanuni hii kwa mvua. Tone la mvua lenye nusukipenyo cha milimita 1 lingepewa na kanuni hii kasi ya mita 120 hivi kwa sekunde. Tungetobolewa paa za mabati! Kwa kweli huanguka kwa mita 6.5 hivi kwa sekunde, kwani kwa tone kubwa ukinzani hufuata mraba wa kasi.

Alama zangu nne hazikurudi. Lakini swali hilo likija tena, nitaandika: "Litaendelea kushuka, bila kuongeza mwendo." Na nyanya nitampelekea sukari.