Nyuki Wameondoka, Panya Wamekuja

Akina mama wengi tukishaondolewa nyuki ukutani tunashusha pumzi na kumlipa fundi, tukidhani kazi imekwisha. Lakini nyuki walikuwa walinzi wa kile walichokiweka humo ndani. Wakiondoka wao, ghala linabaki wazi bila mlinzi.

Wifi yangu anaishi Tunduma, katika nyumba ya kupanga ambayo iliongezwa chumba zamani. Dirisha moja liliachwa katikati, likazibwa kwa matofali upande wa nje na kwa ubao upande wa ndani, pakabaki uwazi wa kina cha shubiri moja. Nyuki wakapapenda. Baada ya miezi kadhaa mwenye nyumba alileta mtu, akapuliza dawa ya wadudu kwenye tundu, akaliziba kwa saruji, akaenda zake. Kwa muda mfupi palikuwa kimya.

Kwanza walikuja sisimizi, mstari mwembamba ukipanda kwenye ufa wa lipu. Wifi aliwafagia asubuhi na jioni walikuwa wamerudi. Wiki chache baadaye, joto la Oktoba lilipokolea, doa la kahawia likatokea chini ya ule ubao. Nilipomtembelea aliniuliza, "Wifi, mbona ukuta huu unatoka jasho?" Niligusa, vidole vikanata. Ukuta unaovuja maji haunati, wala haunuki kama pombe.

Sababu yake ni hii. Nyuki wakiwa hai hupunga mabawa usiku na mchana, hivyo kiota chao hubaki na joto la nyuzi 35 hivi, na asali hupungukiwa maji mpaka haiwezi kuchacha. Wakifa, hakuna wa kupunga. Nta haihitaji kufikia nyuzi 62, ambapo huyeyuka kabisa, ili ilete shida. Ukuta ukipigwa na jua la jioni hulegea mapema zaidi, na sega lililojaa asali hukatika kwa uzito wake. Asali iliyomwagika hunyonya unyevu wa hewa, huchacha, na kutafuta njia ya kushuka. Hapo hapo viwavi wa nondo wa nta, ambao nyuki walikuwa wakiwatoa nje, hutafuna masega na kutoboa vifuniko vya asali iliyobaki.

Tena si asali peke yake. Humo ndani kuna majana yaliyokufa, chavua na mizoga ya nyuki. Kwa panya hicho ni chakula kamili: utamu, mafuta na nyama. Nta yenyewe huitafuna pia. Wifi alianza kusikia mkwaruzo usiku, kisha akaona unga wa njano chini ya ubao pamoja na kinyesi cha panya.

Alipomweleza mwenye nyumba, tulikubaliana fundi afungue ubao wa ndani, kwani kubomoa matofali kungekuwa hasara bure. Masega sita yalikuwa yameanguka yakalaliana. Yalijaza ndoo ya lita 20 na nusu ya nyingine. Watoto walinyoosha mikono mara moja, nikawafukuza, maana asali iliyopuliziwa dawa ni sumu, hata ikionekana safi. Pia isiachwe nje, kwa sababu nyuki wengine wataibeba hadi kwenye mizinga ya watu. Tulichimba shimo refu tukaifukia yote siku hiyo hiyo.

Kazi ndefu ilikuwa kukwangua. Utando mwembamba wa nta ukibaki kwenye tofali, harufu yake huita kundi jipya la nyuki msimu ujao. Fundi alikwangua kwa mwiko, tukasugua mara mbili kwa maji ya moto na sabuni, tukaacha pakauke siku tatu. Kisha alijaza uwazi wote kwa matofali na udongo wa saruji. Wengine huziba kwa magunia na matambara, na hapo wanamtandikia panya kitanda. Sumu ya panya hatukuweka, maana panya akifia ndani ya ukuta harufu yake ni balaa jingine.

Kama nyuki wametua jana au juzi tu, msisumbuke kubomoa, kwani masega bado ni machache. Wakishakaa wiki kadhaa, mwulizeni afisa nyuki wa halmashauri akupeni mtu wa kuwahamisha pamoja na masega yao.

Sisimizi waliisha mara moja. Panya hawakuisha, kwa sababu walikuwa wamegundua magunia ya mahindi yaliyoegemea ukuta ule ule. Ilibidi wifi ayapandishe juu ya chaga, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita na ufagio, ndipo mkwaruzo ukakoma.