Hongo ya Wapagazi

Jioni moja hapa Kibaigwa, baada ya sala ya Magharibi, tuliwaimbia watoto wetu ule wimbo wa kale wa wapagazi wa kuisifu Bagamoyo. Wakauliza: kufika mjini kuna furaha gani?

Tukawaeleza kuwa mpagazi alikuwa mchukuzi wa misafara ya karne ya 19, iliyotoka Tabora ikipita nchi hii ya Ugogo hadi pwani. Alibeba frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na ushei, kwa muda wa miezi. Na kwa kuwa maji ya Ugogo ni haba, watemi waliudai msafara hongo ya vitambaa, merikani au kaniki, ndipo uruhusiwe kuteka maji na kupita.

Mwanetu mdogo akashtuka: “Baba, hongo si haramu?”

Tukamjibu kuwa neno ni lile lile, maana imegeuka. Ile ilidaiwa hadharani na kulipwa na mwenye msafara, mfano wa ushuru wa mahindi sokoni kwetu. Ya leo hutolewa kwa siri ili kununua haki ya mwingine. Hiyo ndiyo haramu.

Bagamoyo hapakuwa na mtemi mwingine mbele wala maji ya kununua. Mzigo ulibwagwa, ukabaki ujira.